Mtoto kagoma kumwamkia jirani kisa ndoo za dagaa. Hadithi fupi, naomba mniambie nani alitakiwa aanze

#1 Kijana wa Kibirizi

Habari wakuu. Nimeandika hadithi fupi, imetokana na jambo la kweli la mwaloni kwetu Kigoma ila majina nimebadilisha. Nimekwama kwenye mwisho. Someni kwanza, swali liko chini.

Shabani alikuwa na miaka kumi na moja, na mwaka ule hakumwamkia Mama Zuhura hata mara moja.

Nyumba zao zilitazamana, katikati imepita njia ya kushukia mwaloni. Asubuhi Mama Zuhura alikaa kizingitini anachambua dagaa, anatoa vijiwe na magamba ya konokono, na kila mtoto aliyepita kwenda shule alisema shikamoo mama, naye akajibu marahaba mwanangu bila kuinua macho. Akipita Shabani, mikono ya Mama Zuhura inasimama. Kimya. Shabani anapita kakumbatia daftari, macho kayapeleka ziwani.

Mama yake alimchapa kwa jambo hilo mara mbili. Mara ya tatu alimkalisha chini akamuuliza, una nini na jirani?

"Aseme kwanza."

"Aseme nini?"

"Anajua."

Ilianza siku ya mvua ya kwanza. Usiku wa kuamkia siku ile mwezi ulikuwa umejaa, ziwa linang'aa kama bati jipya, na alfajiri mitumbwi ilirudi na dagaa wengi. Mama Zuhura alinunua ndoo tatu za dagaa wabichi, akawaanika mbele ya nyumba juu ya nyavu kuukuu, akaenda Gungu msibani. Saa nane mchana upepo ukageuka, milima ya Kongo ng'ambo ikafutika, na mchanga wa njiani ukaanza kupata madoa. Shabani alikuwa peke yake. Akawakusanya dagaa kwa mikono, akajaza ndoo moja na beseni la kufulia alivyovikuta uani kwa Mama Zuhura, akaviburuta mpaka kibanda cha kuni nyuma ya nyumba, akafunika na gunia. Waliobaki akawatia kwenye ndoo ya kwao, ya bluu, haikufika nusu. Alikuwa anakimbia na hiyo ndoo ya bluu mvua inampiga usoni pale Mama Zuhura alipotokea njiani.

Alichokiona Mama Zuhura ni nyavu tupu, na mtoto wa jirani anakimbia na dagaa kwenye ndoo ya kwao.

"Mwizi! Mtoto wa jirani mwizi!"

Waliojibanza barazani kukwepa mvua wakasikia wote. Mwanaume mmoja akatoka akamkamata Shabani sikio. Ndoo ikamwagika. Shabani hakujitetea, alikuwa anahema.

Usiku Mama Zuhura aliingia kibandani na tochi kutafuta kuni kavu. Akaona gunia. Akalifunua. Akakaa juu ya zile kuni muda mrefu. Kisha akachukua sado akapima dagaa, zikatoka sado saba na nusu. Alianika kumi na tano. Akazima tochi.

Kesho yake alimtuma Zuhura apeleke kwa kina Shabani sahani ya dagaa waliokaangwa na mawese. Hakutuma neno. Shabani hakula.

Hapo ndo nimekwama. Swali langu: kati ya hawa wawili nani alitakiwa aanze, na mwisho uweje bila kuharibu ukweli wa watu wa kwetu?

#2 Mjukuu wa Gungu

Aisee hii nimeisoma mara mbili. Mimi niko na mtoto moja kwa moja. Na niongeze kitu, hiyo shikamoo yenyewe ilikuwa salamu ya watumwa kwa mabwana zao, Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa kila mtu anajua. Kwa hiyo mtoto kugoma kuitoa kwa mtu aliyemwita mwizi ni sahihi kabisa.

#3 Bi Mawese

Mie nakataa. Jirani kaomba radhi. Ile sahani ndo radhi yenyewe. Mtu wa kwetu akikukosea hakuandikii barua, anakuletea chakula, na dagaa wale wale waliozua ugomvi ndo kawakaanga kawaleta. Mama Shabani alielewa. Mtoto ndo hakuelewa kwa sababu ni mtoto.

#4 Mnyamwezi wa Isevya

Wakuu salama? Samahani, nani hapo anauza dagaa wa Kigoma kwa jumla, nipo Tabora mjini. Nataka wale wasio na mchanga.

#5 Mjukuu wa Gungu

#4 mkuu hahaha, watu tunalia humu wewe unataka mzigo. Soma uzi kwanza.

#6 Fundi Karabai

Nimevua miaka kumi na tisa kabla ya mgongo kunikatalia, kwa hiyo mleta uzi niruhusu nirekebishe kitu kabla hatujaenda kwenye shikamoo.

Umeandika mwezi ulikuwa umejaa na mitumbwi ikarudi na dagaa wengi. Hapo mtu wa mwaloni akisoma anafunga ukurasa. Dagaa tunamvua kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za betri na sola, na taa inamvuta dagaa kwa sababu kote kunakozunguka ni giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa yako haina nguvu, dagaa hawakusanyiki. Siku hizo watu wanavuta mitumbwi mchangani wanashona nyavu na kulipa madeni. Ndoo tatu kwa mama mmoja siku ya mbalamwezi asingezipata, au angezipata kwa bei ya kumtoa machozi. Weka giza. Sema mwezi uliandama juzi yake.

La pili, mtoto hakukusanya kwa mikono. Ndoo tatu za dagaa kwa mikono mvua inakuja angekuwa anaokota mpaka leo. Wakiwa juu ya wavu unakamata pembe mbili unakunja kama unavyokunja shuka, dagaa wote wanaporomokea katikati, unabeba unamwaga kwenye chombo. Mtoto wa miaka kumi na moja wa mwaloni anaijua hiyo kazi tangu ana miaka sita.

#7 Kijana wa Kibirizi

Asante sana fundi, la mwezi nimelikubali, nitabadilisha. La wavu pia, ndivyo ilivyokuwa kweli, sijui kwa nini niliandika mikono.

#8 Mwalimu wa Kasulu

Mjukuu #2, taratibu. Shikamoo watu wa lugha wanaitoa kwenye nashika miguu yako, ni maneno ya kujishusha. Kwamba watumwa walilazimishwa kuitoa kwa mabwana inawezekana, ila hata mtoto kwa babu yake na mke kwa mkwewe aliitoa, na leo hakuna anayeiwaza hivyo. Mimi ninachokiona kwenye hadithi ni tofauti kidogo. Salamu hii ina mlango mmoja, anaanza mdogo. Mkubwa hana namna ya kuianza. Mama Zuhura hawezi kumwambia Shabani shikamoo, na akimwambia hujambo mtoto akanyamaza mbele za watu aibu inakuwa mara mbili. Kwa hiyo Shabani kashika kitu pekee ambacho mtoto anacho na mkubwa anakihitaji. Hana fedha, hana sauti barazani, ana shikamoo yake tu, na kila asubuhi anapita nayo haitoi.

Linganisha na kwetu Uha. Asubuhi tunasema mwakeye, unapiga makofi taratibu umeinama kidogo, na yule mwingine naye anapiga. Mkubwa anaweza kuanza bila kuvunjika. Hadithi hii ingetokea kijijini Buhigwe pengine ingeisha kwa wiki.

#9 Mnyamwezi wa Isevya

Nimerudi, nimesoma. Samahani mleta uzi, imenigusa. Mwalimu yuko sawa, hata kwetu mwangaluka anaweza kuianza yeyote. Ila mwalimu usiseme wiki, mimi babu yangu na jirani yake walikaa miaka minne hawasemeshani kisa mpaka wa shamba la tumbaku, na wote ni Wanyamwezi wa kuzaliwa. Lugha haiondoi kinyongo.

(Dagaa bado nahitaji.)

#10 Mama Wawili

Mimi nimesoma nikaona jambo moja tu, mtoto kachapwa mara mbili kwa kosa ambalo si lake na mama yake mzazi hakuuliza mpaka mara ya tatu. Hilo halijawauma? Wangu wa kwanza ana miaka tisa, mwaka jana aligoma kumsalimia mpangaji mwenzetu, nikamkemea mbele ya watu eti ana tabia mbaya, kumbe yule mama alimwambia mwanangu ananuka mkojo siku alipougua. Nilijua baada ya miezi. Nilipojua nilimwomba radhi mwanangu kabla ya kwenda kwa mpangaji. Kwa hiyo kwa swali lako la nani aanze, mimi nasema aanze mama Shabani.

#11 Bi Mawese

#10 pole mama. Ila kwako mpangaji alitukana. Mama Zuhura hakutukana, alikosea kuona. Ungekuwa wewe umetoka msibani umelowa, umekuta nyavu tupu na ndoo ya jirani ina dagaa, ungesema nini? Mtaji wote ule! Mwenye kuanika dagaa siku moja ya mvua inamrudisha nyuma mwezi mzima, akilowa mara ya pili anaoza, anatoa funza, unauza chakula cha kuku.

#12 Mjukuu wa Gungu

Ningesema "we mtoto, unawapeleka wapi?" Swali. Siyo mwizi. Neno mwizi kwetu watu wanakuja na mawe bi mkubwa unajua vizuri.

#13 Bi Mawese

Hapo sina jibu.

#14 Fundi Karabai

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wote mmelipita. Mama Zuhura kafunua gunia usiku. Kashajua mtoto si mwizi. Kwa nini kesho yake hakwenda barazani kusema? Mtasema kiburi. Mimi nasema ni sado.

Rudini msome. Kaanika ndoo tatu, ndoo ya lita ishirini ina sado tano, jumla kumi na tano. Kapima usiku kapata saba na nusu. Nusu kamili haipo! Kichwani mwake mtoto kaokoa nusu na nusu kaipeleka kwao, na ile ndoo ya bluu aliiona kwa macho. Kwa hiyo hakunyamaza kwa sababu anajua amekosea. Alinyamaza kwa sababu hajui kama amekosea. Sahani ya dagaa ni ya mtu aliye katikati, anaomba radhi kwa nusu na anakumbusha kwa nusu. Shabani aliihisi hiyo ndo maana hakula.

Na hapo kuna kosa la kipimo. Dagaa mbichi karibu wote ni maji. Kilo tatu mpaka nne za wabichi zinakupa kilo moja ya wakavu, muulize mfanyabiashara yeyote. Mama Zuhura alilijua hilo kwa kilo. Ila kwa ndoo mambo hayaendi hivyo hivyo. Dagaa mkavu kabisa kajikunja ni mgumu, ndani ya ndoo anaacha nafasi, ndoo inaonekana imejaa kumbe nyepesi. Aliyenyauka nusu ni mbaya zaidi, maji yametoka mwili umelegea, wanalaliana kama vitambaa vilivyolowa, unaona wamepungua kuliko walivyopungua. Kuanzia asubuhi mpaka saa nane jua la kabla ya mvua wale walikuwa wamenyauka nusu. Kwa hiyo mama yule alipima asubuhi kitu kimoja na usiku kitu kingine, akatoa hesabu kama ni kitu kile kile.

#15 Mwalimu wa Kasulu

Fundi hapo umenikalisha chini. Ila mwanamke aliyefanya dagaa miaka yote asijue wanapungua?

#16 Fundi Karabai

Anajua. Ila mwalimu, watu hawapimi dagaa walionyauka nusu. Unapima unaponunua na unapima unapouza. Pale katikati nani anapima? Ni siku ya mvua tu, na siku ya mvua una hasira.

#17 Mama Wawili

Mimi fundi sikubaliani. Unampunguzia makosa yule mama kwa hesabu. Hata kama sado saba zingekuwa zimepotea kweli, aliona ndoo na beseni vimefunikwa na gunia kwenye kibanda chake mwenyewe. Mwizi gani anakufichia mali yako kwako?

#18 Mjukuu wa Gungu

#17 laiki kumi.

#19 Mnyamwezi wa Isevya

Mimi nilishaitwa mwizi nikiwa darasa la tano. Kalamu ya mwalimu ilipotea, mimi ndo nilikuwa zamu ya kufagia ofisi. Kalamu ilionekana wiki ya pili ndani ya daftari la mahudhurio. Mwalimu hakusema lolote, ila kuanzia siku ile akawa ananituma mimi tu kumletea mfuko wake wa fedha nyumbani kwake. Kila mtu akaona. Sikuwahi kusikia samahani, na nakwambieni sikuihitaji tena. Mleta uzi kama unataka mwisho, Mama Zuhura asiombe radhi. Siku moja ya mawingu, watu wamejaa barazani, aite kwa sauti ile ile aliyoitia mwizi, "Shabani, nilindie dagaa wangu nakwenda mjini." Basi.

#20 Bi Mawese

Huu ndo mwisho. Mnyamwezi nakupa sado moja bure, nitakutumia kwa treni.

#21 Mama Wawili

Mzuri lakini bado mtoto hajaambiwa hakukosea. Watu wa barazani nao walimshika sikio, yule mwanaume je? Naye atamlindisha dagaa?

#22 Mwalimu wa Kasulu

Swali la Mama Wawili zito. Aibu ilitolewa na watu wengi ila mtoto kanuna na mmoja. Mimi naona Shabani kachagua vizuri bila kujua, yule mwanaume aliamini neno la Mama Zuhura, kwa hiyo neno likirudishwa na aliyelitoa wengine wote wanafuata. Ila inawezekana pia kamchagua yeye kwa sababu anampenda kuliko wale wengine. Mtoto hanuni na mtu asiye na maana kwake. Alizikunja zile nyavu kwa nini, si za kwao.

#23 Bi Mawese

Kijana wa Kibirizi mbona umenyamaza? Na mie nina swali kwako. Hadithi yako yote tuko na Shabani, tunaona anachoona. Ghafla usiku tuko kibandani na Mama Zuhura, tochi, gunia, kakaa juu ya kuni, kapima, kazima tochi. Shabani hakuwepo pale. Zuhura kalala. Wewe uliyajuaje? Ungekuwa umetunga ningekuelewa, lakini umesema jambo la kweli, na sado saba na nusu mtu hatungi.

#24 Mjukuu wa Gungu

Eeeh bi mkubwa!

#25 Kijana wa Kibirizi

Bi Mawese umenikamata. Nilidhani nimejificha vizuri.

Mimi siyo Shabani. Mimi ni mdogo wake Zuhura. Nilikuwa na miaka sita. Usiku ule nilimfuata mama kibandani kwa sababu nilikuwa naogopa kulala mvua inapiga bati, nikasimama mlangoni, hakuniona. Mimi ndo nilihesabu naye sado kimoyomoyo, nilikuwa ndo najifunza kuhesabu. Nakumbuka alivyofika ya saba akakwangua chini ya beseni na kiganja, ikatoka nusu, akairudia kukwangua kama vile itaongezeka.

Shabani hajamwamkia mama mpaka leo. Yaani ule mwaka niliouandika haukuisha. Kakua, ana mtumbwi wake wa mashine, ana watoto wawili, na nyumba bado zinatazamana. Watoto wake wanamwamkia mama vizuri tu. Yeye anapita. Mama macho yamepungua nguvu, hatambui watu kwa sura, anawajua kwa salamu. Kuna hatua zinapita alfajiri bila sauti na yeye anasema tu "huyo keshakwenda kazini". Nilipokwenda likizo nikamsikia anasema hivyo nikaandika hadithi hii basi ndani ya siku mbili.

#26 Mama Wawili

Nimefuta machozi mara mbili. Sina la kuongeza.

#27 Fundi Karabai

Mdogo wangu pole. Sasa nakuomba kitu kimoja, uko likizo bado? Nunua dagaa wabichi ndoo mbili, giza likirudi. Pima kwa sado ile ile ya mama yako kama bado ipo. Anika juu ya wavu kama yeye. Saa nane kunja, pima. Usiniamini mimi, nami sijawahi kuwapima walionyauka nusu, nasema kwa jicho la mvuvi tu. Chagua siku ya jua la kabla ya mvua, siyo jua la Julai lile linawakausha mchana mmoja.

#28 Mnyamwezi wa Isevya

Fundi kwa nini asimwambie tu mama yake aseme samahani?

#29 Fundi Karabai

Kwa sababu amekaa na hesabu ile miaka yote. Ukimwambia sema samahani atasema, na zile nyingine je? Mwondolee kwanza zile nyingine.

#30 Bi Mawese

Fundi usimfanye mama wa watu mtumwa wa hesabu. Mimi nadhani alishasahau sado zamani, kilichobaki ni aibu imekomaa. Mwaka wa kwanza ungeweza kusema, mwaka wa tatu unaona haya kwa nini hukusema mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi unaona bora ufe nayo. Sahani ilikuwa siku sahihi, na angeibeba yeye mwenyewe asingemtuma Zuhura tusingekuwa hapa.

#31 Kijana wa Kibirizi

Niko hapa wakuu, samahani kwa ukimya wa siku kumi na sita. Nilisubiri giza kama fundi alivyosema.

Nilinunua ndoo mbili mwaloni, sado kumi juu ya mstari. Sado ya mama ile ile haipo, nimetumia ya jirani mwingine. Nimeanika saa mbili asubuhi juu ya wavu, kulikuwa na jua la mawingu mawingu. Mama alikaa kizingitini ananiuliza unafanya biashara lini wewe, nikamwambia najaribu kitu. Saa nane nikakunja. Zikatoka sado saba.

Nikapiga hesabu kwa kumi na tano za siku ile, inakuja kama kumi na nusu. Saba na nusu za kibandani. Zinabaki tatu. Ndoo ya bluu haikufika nusu, kwa hiyo tuseme mbili, zikamwagika njiani mvua ikazibeba. Inabaki moja sina pa kuipeleka.

#32 Fundi Karabai

Safi sana. Hiyo moja usiihangaikie, mama alikuwa msibani toka asubuhi, kunguru, bata, kuku wa mtaa mzima. Au jua la siku ile lilikuwa kali kuliko lako.

#33 Mjukuu wa Gungu

Au mtoto wa miaka sita aliyebaki nyumbani alikuwa anatafuna wakavu kavu hahaha, tusizunguke.

#34 Kijana wa Kibirizi

#33 mkuu unacheka ila nimelala nalo hilo. Sikumbuki. Nilikuwa napenda vichwa.

#35 Mwalimu wa Kasulu

Umemwambia mama?

#36 Kijana wa Kibirizi

Nilimpimia mbele yake. Nilimshikisha sado mkononi akawa anapitisha kiganja juu kusawazisha, moja moja. Ilipofika ya saba nikamwambia mama zimeisha. Akasema bado, kwangua. Nikamwambia nimekwangua. Akaniambia nishike mkono, akaingiza mkono mwenyewe kwenye ndoo, akapapasa chini kote pembeni kote. Akakaa. Hakuniuliza kwa nini nimefanya vile na mimi sikusema. Baadaye sana tukiwa tunakula akauliza, "Hivi ile ndoo yao ya bluu walinunua nyingine?"

#37 Bi Mawese

Mungu wangu.

#38 Mama Wawili

Kijana mwambie Shabani basi, wewe una miguu!

#39 Mnyamwezi wa Isevya

Hapana, asimwambie. Akienda yeye itakuwa tena Zuhura na sahani. Huyo mama aende mwenyewe hata kwa kushikwa mkono.

#40 Kijana wa Kibirizi

Kaomba nimpeleke mjini Jumamosi, anataka kununua ndoo. Kasema ya bluu, na nimsomee lita.

Nitarudi kuandika.